Hotuba Fupi ya Shefu wa Sabuni

Mi napenda hotuba. Wengine wakienda ku harusi wanapenda nyama, wengine wanapenda ngoma. Mi napenda mtu akisimama, anakohoa, anashika koti yake, anaanza kusalimia. Kwetu hapa Burundi mtu akiongea mbele ya watu haanzi na ile kitu yenye amekuja kusema. Eka! Anasalimia wazee, anasalimia wamama, anashukuru Mungu kwa mvua, anashukuru wenye nyumba kwa viti, anakumbuka namna baba yake na baba yenu walikaaga pamoja. Ile kitu yenyewe anaileta mwisho, pole pole. Na akikaa, bado haijaisha. Upande ingine wanachagua mtu wao, naye anasimama, anajibu. Hotuba yenye haina jibu inauma, unaona mtu ametoa salamu na hakuna mwenye ameitika.

Sasa sikia yenye ilitupata sisi watu wa sabuni.

Mi naishi Muyinga mjini, kwa mtaa yetu ya Waislamu, na kazi yangu ni kufua. Si kufulia watu nguo, apana. Kuna kiwanda ya sabuni iko Gitega, njo inanituma. Siku ya soko naenda Gashoho na beseni yangu, natafuta mwanaume mwenye shati chafu kabisa, namwambia, "Baba, vua hiyo shati nikusaidie." Watu wanacheka, yeye anaona haya, mwisho anavua. Mkono moja naufua na sabuni yetu, mkono ingine na ile sabuni inatoka Tanzania kupitia mpaka wa Kobero. Hapo naimba, natukana uchafu, nauliza wamama, "Iko wapi safi?" Wananunua. Shule mi nilifika darasa ya pili tu, lakini povu naijua, na watu nawajua.

Tulikuwa wane huko Muyinga. Kulikuwa mkubwa wa depo, Mkongomani wa Uvira, mtu wa tumbo na maneno mengi, njo anatunza katoni za sabuni na kuandika zinatoka namna gani. Kulikuwa bwana wa piki-piki, mtu wa masharubu, anapelekea maduka ya kandokando. Kulikuwa na dada mmoja wa Buhinyuza, anauza kwao kule karibu na mpaka, mtu wa machozi karibu sana. Na mi, bibi wa beseni.

Na juu yetu kulikuwa shefu wa mauzo, iko Gitega. Kijana msafi, miwani, kiatu inang'aa. Yeye alikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, na Kiswahili yake imenyooka kabisa, ya redio. Sisi tukiongea anatuangalia mdomo kwanza, njo anaelewa.

Bon. Huko kiwandani wanahesabu mwaka vipande vipande, miezi mitatu mitatu. Wanaita trimestri. Kila trimestri shefu anaamua sabuni ngapi lazima itoke Muyinga, na tukifika tunapata kitu kidogo juu. Ile trimestri hatukufika. Hata karibu hatukufika. Mafuta ya gari ilipotea, lori ya sabuni inalala Gitega, depo inabaki tupu siku ya soko, na mi niko Gashoho na beseni, nafua shati za watu, wanasema, "Bibi, lete basi sabuni tununue," na sabuni hakuna! Nafua bure. Lori ikifika, soko imekwisha, na ile ya Tanzania imeshaingia mlango ya nyuma, tena imekatwa vipande vidogo vya mtu mwenye pesa kidogo.

Njo mkubwa wa depo akapigiwa simu. Aliweka sauti ya nje, sote tukasikia shefu anasema, "Bosi wa Bujumbura anauliza kwa nini tuna depo Muyinga kama haiuzi. Anataka kuifunga, Muyinga ihudumiwe kutoka Gitega. Nimemwomba kwanza nizungumze nanyi. Njooni."

Dada wa Buhinyuza machozi yakatoka hapohapo.

"We unalia nini?" mkubwa wa depo akamwambia. "Haijafungwa."

"Wanatuita kutuaga," akasema. "Mtu hakuiti mbali hivi akuambie habari nzuri."

Na mi nikaona ni kweli. Depo ikifungwa, mkubwa wa depo atarudi Uvira na watoto wake, hana kwake hapa. Bwana wa piki-piki atabeba ndizi. Na mi? Nitakaa nyumbani niangaliwe na wakwe zangu namna wanaangalia kiti imevunjika mguu. Miaka yangu iko mingi, lakini siku ya soko mi naamka mtoto. Sikutaka kunyang'anywa beseni.

Basi tukaenda Gitega, ndani ya lori yenye ilikuwa inarudi, sisi wanawake mbele na dereva, wanaume nyuma na katoni tupu. Mi nilivaa kitenge yangu ya sikukuu. Kama ni kuagwa, tuagwe tukiwa wazuri. Tena njiani tulisimama tukanunua nanasi kubwa za kumpa shefu, kwa sababu huendi kusikiliza hotuba ya mtu mikono mitupu.

Alitupokea huko mtaa ya Musinzira, kwenye uwanja ya mgahawa moja, viti vya plastiki chini ya turubai. Fanta ilikuwepo. Brosheti ilikuwepo, nyama ya mbuzi ya kijiti, wakaniambia imechinjwa na Mwislamu, nikafurahi. Mkubwa wa depo akaninong'oneza, "Bibi, umeona nyama? Imekwisha. Nyama hivi ni ya matanga."

"Kula kwanza," nikamwambia.

Tukala. Halafu shefu akasimama. Mi nikaweka kijiti chini, nikapangusa mdomo, nikakaa vizuri. Nikasema moyoni, haya, hapa ni mpaka jua izame. Akavua miwani, akaivaa tena. Na hii njo alisema, naikumbuka kwa sababu ilikuwa ndogo hivi, na baadaye aliirudia:

"Asanteni kwa kuja. Nitasema ukweli. Robo ya mwaka imepita na hatukufika. Kati ya kila katoni kumi tulizopanga kuuza, tumeuza sita. Lengo lile nililiweka mimi, hapa mezani kwangu, bila kuwauliza, na lori lilichelewa mikononi mwangu, si mwenu. Mliyoweza kuyafanya mmeyafanya. Gashoho, siku zote ambazo sabuni ilikuwepo, mauzo yalipanda. Kwa hiyo najua inawezekana. Robo hii nataka mambo matatu. Lori lifike kabla ya siku ya soko, hilo ni langu. Tuwe na kipande kidogo cha sabuni, hilo nimeshaliomba kiwandani. La tatu ni lenu: kila mmoja aniambie mwenyewe atauza kiasi gani, kwenye soko gani. Leo jioni nampigia bosi. Nikiwa na neno lenu, depo itabaki. Nawaamini. Asanteni."

Akakaa.

Akakaa! Mi nilikuwa bado nasubiri asalimie wazee.

Sisi wane tunamwangalia, yeye anatuangalia. Nilifikiri amesahau karatasi, ao tumbo inamuuma. Bwana wa piki-piki akapiga makofi mara moja, halafu akaona yuko peke yake, akakunja mikono. Inzi inatembea juu ya brosheti. Shefu anakunywa Fanta, anameza, nasikia namna inashuka.

"Ameanza ao amemaliza?" nikamwuliza mkubwa wa depo kwa sauti ya chini.

"Sijui. Ile ilikuwa ya kufungua, naona."

"Mbona amekaa?"

"Anapumzika."

Tukangoja apumzike. Hakuinuka. Uso yake ikaanza kubadilika, akaanza kuzungusha chupa. Baadaye alituambia yeye aliona tumemkasirikia, tumekata tamaa, tunangoja tu kwenda nyumbani. Kwake kimya ilikuwa jibu. Na sisi tulinyamaza kwa heshima! Huwezi kumkatiza mtu kabla hajafika ku kitu yenyewe.

Halafu dada wa Buhinyuza akaegemea bega yangu. "Bibi, huyu anaondoka. Mtu akiongea kidogo hivi, akajiwekea makosa yeye mwenyewe, akasema nawaamini, asanteni, huyo anaaga. Wamemfukuza." Machozi ikaanza.

Na wallahi nikaona ni hivyo! Mi nimeona watu wengi wakiaga. Mwalimu akihamishwa, muuguzi akihamishwa, wanaongea maneno machache na kukaa haraka. Nikamwangalia kijana wa watu, miwani yake, kiatu yake, nikasema masikini, amebeba kosa yetu, amefukuzwa, na bado ametununulia nyama.

Mkubwa wa depo akanisukuma kiwiko. "Bibi, jibu. We njo mkubwa."

"We njo mkubwa wa depo!"

"Depo si umri. Simama."

Nikasimama. Nikashika kitenge. Na mi sikufanya fupi, nyie. Nilisalimia Gitega yote. Nilishukuru mwenye mgahawa, nilishukuru mbuzi. Nikasema, "Mwanangu shefu, tumekusikia na moyo yetu imevunjika. Ulikuja kwetu mara moja tu, ukakaa juu ya katoni bila kudharau, na sisi hatukusahau. Kazi ni ya duniani. Leo uko hapa, kesho Mungu anakufungulia mlango ingine. Msalimie mama yako. Kama huna bado mke, Mungu akupe mwenye adabu. Na kwa njia yako ndefu, tumekuletea nanasi."

Bwana wa piki-piki akapeleka nanasi mbele, mikono miwili, kichwa chini. Dada wa Buhinyuza analia kabisa sasa, kwa sauti.

Shefu alipokea nanasi. Akaziangalia. Akaniangalia.

"Bibi," akasema, "mimi naenda wapi?"

"We njo unajua, mwanangu. Sisi hatukuuliza, kwa heshima."

"Siendi popote."

"Yoo! Hawajakufukuza?"

"Nani kasema nimefukuzwa?"

"We umesema! Umeaga!"

"Nimeaga saa ngapi?" Akasimama, nanasi bado ziko kifuani. "Nimewatia moyo! Nimesema nawaamini!"

"Njo hivyo watu wanaaga," dada wa Buhinyuza akasema ndani ya leso.

Mkubwa wa depo akainua mkono kama yuko darasani. "Shefu, samahani, tusaidie. Depo inafungwa ao haifungwi?"

"Nimesema hilo! Nimesema nikiwa na neno lenu leo, depo itabaki!"

"Ulisema lini?"

"Sasa hivi! Kwenye hotuba!"

"Ile ilikuwa hotuba?" bwana wa piki-piki akauliza, na hakuwa anacheka, alikuwa anauliza tu.

Shefu akakaa tena, nanasi juu ya magoti. Mi nikamwonea huruma. Nikavuta kiti karibu yake. "Mwanangu, kwetu mtu akisema jambo kubwa na mdomo mdogo, tunafikiri jambo iko nyuma inakuja. Hebu rudia. Pole pole. Sisi hatuna haraka."

Akarudia. Safari hii nilisikia. Lori, njo kazi yake. Kipande kidogo, ameomba. Na sisi kila mtu aseme sabuni ngapi, soko gani. Na Gashoho ilipanda! Aliposema Gashoho mara ya kwanza nilikuwa bado nangoja salamu. Sasa nikasikia, nikafunika mdomo na kitenge kwa furaha. Gashoho ni mi! Ni beseni yangu!

"Basi nitajieni," akasema, akatoa kalamu. "Bosi ananingoja jioni hii. Bibi, Gashoho, katoni ngapi?"

Hapo tukaangaliana tena. Sasa sijui nawaelezea namna gani. Mtu akiomba msichana wenu, hata akiwaita kwake, anaongea. Mnamsikiliza, mnashukuru, mnakula. Lakini hamumpi jibu kwake! Jibu inatolewa kwenu, na anaifuata kwenu, wenye nyumba yote wakiwepo. Ukimjibu palepale kwenye uwanja yake, na nyama yake bado iko katikati ya meno, watasema umeuza mtoto kwa brosheti. Hakuna mtu alitufundisha kuleta hiyo ku sabuni. Lakini shefu alisema anataka neno letu, na akatulisha, na mi sikuweza.

"Utakuja kuifuata Muyinga," nikamwambia.

"Kufuata nini?"

"Jibu."

"Bibi, jibu ni namba tu!"

"Njo hiyo. Utaifuata."

Akageukia mkubwa wa depo, akitafuta msaada. Mkubwa wa depo, mtu mwenye anaongea hata amelala, akaangalia kiatu yake. "Shefu, bibi ameshaongea. Mi mtu wa Uvira, lakini hata Uvira ni hivyo hivyo."

"Nitamwambia nini bosi?"

"Mwambie bado tunajibu," dada wa Buhinyuza akasema.

Na yeye akapiga simu mbele yetu, jua inashuka, anazunguka turubai na simu kwenye sikio. Tulisikia upande yake tu. "Ndiyo, bosi. Wamefika. Wamekula. Ndiyo... Hapana, hawajakataa. Wanajibu. Sijui, bosi, wanajibu! Jibu linafuatwa Muyinga... Naelewa. Naelewa." Alipokata alikuwa na jasho juu ya miwani. Bosi alimpa mpaka wiki ijayo. Bila namba, depo inafungwa, na shefu mwenyewe njo atakuja kupakia katoni za mwisho.

Kurudi Muyinga hatukuimba. Mkubwa wa depo alisema nyuma ya lori, sauti inaingia kwa dirisha, "Bibi, kama hakuja, umetufungia depo kwa adabu." Sikulala vizuri siku zile. Nilijiuliza, labda dunia ya sabuni haina uwanja wa wakwe, labda mi mzee nimechanganya vitu. Nilichanganyikiwa kabisa. Nilitoa beseni uani, nikaifua yenyewe, beseni tupu, mkwe wangu akaniuliza kama niko mzima.

Lakini alikuja. Alikuja asubuhi ya soko, na lori, na katoni zimejaa! Aliruka chini, kiatu ile ikaingia tope, hakuiangalia hata. Sisi tulikuwa tumetandika mkeka ndani ya depo, tumepika chai ya tangawizi na maandazi, nimeita hata jirani wawili wakae upande yetu tuonekane wengi.

Akaingia, akaanza, "Habari, nimekuja kwa zile nam..."

"Kaa," nikamwambia.

Akakaa. Tukampa chai. Tukauliza mama yake hajambo. Tukauliza mvua ya Gitega. Mkubwa wa depo akakohoa, akauliza kama desturi inavyotaka, kama hatujui kabisa, "Mgeni wetu, tunakuona umetoka mbali. Umekuja kutafuta nini kwa nyumba hii?"

Mi nilimwona namna ile kitu ilimwingia. Aliangalia mkeka, chai, jirani. Akaweka kikombe chini. Akavua miwani. Na huyu mtoto wa kambi, akaanza kusalimia! Alisalimia wazee, na mzee nilikuwa mi peke yangu. Alishukuru mwenye maandazi. Hakujua sana, alirudia Mungu mara nyingi, lakini alienda. Halafu akasema, "Nimekuja kuomba katoni nane kwa kila kumi."

"Yoo!" tukasema sote, mikono kichwani. Ni lazima, hata kama angesema mbili.

"Nane!" mkubwa wa depo akasema. "Unataka kutuua! Mvua inakuja, barabara ya Buhinyuza inakuwa uji. Tano."

"Tano ni chini ya ile tuliyoshindwa!"

"Basi usingeanzia juu ya miti."

Na hapo, nyie, njo kazi ilianza. Kila mtu akaongelea soko yake. Dada wa Buhinyuza alisema kwake, kabla watu hawajavuna maharage, hakuna mtu ananunua mche mzima wa sabuni, lakini kile kipande kidogo watanunua, hivyo asihesabiwe sana mwezi ya kwanza, ahesabiwe ya mwisho. Bwana wa piki-piki alisema maduka ya njia ya Gashoho atayashika yote kama haendi Buhinyuza wakati ya tope, akapatana na dada kila mtu abaki upande yake. Shefu anaandika, anauliza, anapunguza huku, anaongeza kule. Mi nikasema Gashoho yangu siwezi kusema namba, nitasema siku: kila soko yenye lori imefika mbele ya soko, sitabakiza katoni. Yenye lori imechelewa, hiyo ni yake, asinihesabie.

"Hiyo si namba, bibi."

"Leta lori utaiona namba."

Akacheka. Ile ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Ikaishia saba. Tulisema saba, akasema saba, jirani wangu akapiga vigelegele bila kuelewa ni saba ya nini. Shefu akapiga simu hapohapo, miguu juu ya mkeka, akasema, "Bosi, wamejibu." Akasikiliza. Akatuangalia. Akainua kidole gumba. Depo inabaki mpaka trimestri imalizike, halafu itaonekana.

Halafu nikamchukua na lori mpaka soko ya Gashoho. Shati yake ilikuwa na tope ya lori mgongoni, na mi nikamwambia mbele ya Gashoho yote, "Baba, vua hiyo shati nikusaidie." Watu walilala chini kwa kucheka. Shefu mzima wa Gitega amesimama na singileti, anashika katoni, anarudisha watu pesa ya kubaki. Mi nilifua, nikaimba, na sabuni ilikuwepo. Iliisha kabla ya saa ya swala.

Lori haikufika kila mara. Mafuta ni mafuta. Lakini zaidi ya mara moja ilifika kwa wakati kwa sababu yeye mwenyewe alilala ku foleni ya mafuta, dereva alituambia. Na kile kipande kidogo kilikuja, kidogo hivi, ya kutosha shati mbili na uso. Buhinyuza walikipenda.

Trimestri ilipoisha akatuita tena Musinzira. Turubai ile ile, brosheti. Tulienda na nanasi, na hatukujua kama tumefika saba. Mkubwa wa depo alihesabu katoni yake mara nyingi, kila mara inatoka tofauti.

Shefu akasimama. Akakohoa. Akashika koti. Akasalimia wazee. Akasalimia wamama, akasalimia wenye hawakuweza kuja, akashukuru mvua kwa kunyesha na kwa kuacha. Akakumbuka namna alikaa juu ya katoni Muyinga. Akaongea juu ya mama yake. Akaongea juu ya kambi, namna mama yake alikuwa anafua na majivu. Fanta yangu ikawa moto mkononi. Bwana wa piki-piki akasinzia akaamka, hotuba bado iko kwa mama. Dada wa Buhinyuza akanishika mkono. "Bibi, hasemi. Mbona hasemi? Imefungwa."

"Nyamaza, hajafika."

Lakini na mi nilikuwa nimeshaogopa. Huyu mtoto amejifunza vizuri sana, nikafikiri, hata habari mbaya sasa anajua kuifunga.

Jua ilikuwa imeshafika chini ya turubai, inatuingia machoni, njo akasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anaomba chumvi: "Na saba zimefika, na kidogo juu. Bosi amesema depo ya Muyinga haitaulizwa tena mwaka huu."

Akakaa.

Mkubwa wa depo akakumbatia kiti. Dada akalia, sasa bwana wa piki-piki naye. Na wote wakanigeukia, shefu mwenyewe ananiangalia juu ya miwani, anangoja.

Nikaweka Fanta chini, nikashika kitenge, nikasimama kujibu. Na mi, kama mnavyonijua, nilianza na kusalimia.